Mpishi, voisi ya sekunde arobaini, na kipengele cha "usituseme"

Hiki kisa nilikishughulikia mwenyewe, mana nilikaa miaka kadhaa ofisi ya wakili hapa mjini na mpaka leo watu wananiletea mikataba niwasomee, wengine baraza la nyumbani wengine kwa simu. Hoteli siitaji, mpishi simtaji, na vitu vidogo nimevigeuza ili asijulikane. Hesabu na maneno ya mkataba ndo yale yale.

Dada huyu alikuwa mpishi kwenye hoteli ya pwani ya mashariki hapa Zanzibar, mshahara laki tisa kwa mwezi. Akaachishwa kazi kwa simu siku ya Jumapili, bila notisi. Madai yake yalikuwa hivi: mwezi mmoja wa notisi laki tisa, likizo ambazo hakwenda milioni moja na nusu, na sevisi chaji ya miezi 14 ambayo ilikuwa ikikatwa kwa wageni afu haifiki jikoni, milioni tatu na nusu. Jumla 5,900,000. Juu yake akadai fidia ya kuachishwa bila sababu, 6,500,000. Yote pamoja 12,400,000. Akaenda Kamisheni ya Kazi, kule kitengo cha usuluhishi, na kwa upande wake mambo hayakuwa magumu sana, hoteli haikutaka kesi ifike Mahkama ya Kazi, wakakubaliana 9,600,000 kwa mafungu matatu: milioni 4 siku ya kusaini, 2,800,000 baada ya siku thelathini, 2,800,000 baada ya siku sitini.

Mpaka hapo sawa. Sasa hoteli ikaja na karatasi yake wenyewe ya kurasa tatu, na ukiisoma unaona kabisa imetolewa kwenye mtandao ikatiwa Kiswahili, mana kuna sehemu inasema "washirika, warithi na wakabidhiwa" kama kwamba ni mkataba wa kuuza meli. Kipengele cha 7 kilisema:

"Mfanyakazi hatosema, hatoandika wala hatosambaza jambo lolote linaloweza kuleta taswira mbaya kwa Hoteli, wamiliki wake, wafanyakazi wake au washirika wake, kwa njia yoyote, wakati wowote, kwa mtu yeyote. Akikiuka atalipa shilingi milioni ishirini."

Na cha 8: "Ikiulizwa kuhusu kuondoka kwa Mfanyakazi, wahusika watatumia maneno haya: Mfanyakazi na Hoteli wameachana kwa makubaliano na kila upande unamtakia mwenzake kheri."

Akasaini. Hakuniletea kabla, kaniletea baada ya mambo kuharibika, na nilipomuuliza kwanini akasema, "Kaka, milioni nne ilikuwa mezani, we ungesoma?" Nikanyamaza.

Yakatokea mambo matatu ndani ya mwezi mmoja, na yote yakachanganywa kwenye barua moja ya hoteli, ndo mana kisa hiki kinafaa kukichambua polepole, kwa sababu kila jambo lina jibu lake na majibu hayafanani.

La kwanza, afisa wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, alimpigia akimuuliza kuhusu michango yake, mana kwenye rekodi kulikuwa na miezi mitupu ilhali kwenye hati zake za mshahara makato yapo. Akaeleza, akapeleka hati. La pili, kwenye grupu la wapishi la WhatsApp mtu kauliza "hoteli fulani inatafuta mpishi wa kuoka, vipi pale?" na yeye akaingia na voisi ya sekunde arobaini, nimeisikiliza, anasema sevisi chaji hawatoi, mimi wamenikalia miezi 14, mwenye kwenda aende lakini ajue. Voisi ikafowadiwa, ikafika kwa meneja kabla ya magharibi. La tatu, hoteli nayo ikaweka posti Instagram, bila jina lakini kila mtu alijua, kuwa kuna mfanyakazi wa zamani anazungusha maneno, na kwamba "madai yake hayakuwa na msingi na aliondoka mwenyewe".

Fungu la tatu likasimamishwa. Barua ikaja: umekiuka kipengele cha 7 mara mbili, ZSSF na voisi, 2,800,000 hatukupi, wewe hutudai kitu, sisi ndo tunakudai milioni ishirini.

Wengi hapa wanakimbilia maneno mawili. Wa kwanza anasema "lakini kasema kweli". Wa pili anasema "katiba inatoa uhuru wa kusema". Yote mawili hayamsaidii kama anavyodhani.

Ukweli ni ngao kwenye kesi ya kashfa. Kashfa ni kumsema mtu kitu cha uongo kikamshushia hadhi, na ukithibitisha ni kweli umetoka. Kipengele cha aina hii hakiko huko kabisa. Hapa umeahidi kwa mkataba, umelipwa, kuwa hutosema jambo lenye kuleta taswira mbaya, na mambo mabaya ya kweli ndo yale yale ambayo mwenzako alikuwa akinunua yasisemwe, mana ya uongo sheria ilishamlinda bila kulipa hata senti. Kwa hiyo voisi kuwa ya kweli haiondoi ukweli kwamba ni uvunjaji. Nilimwambia hivyo na alikasirika, wallahi alikasirika, akasema sasa we uko upande wao.

Na katiba, kweli Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 18 kinalinda uhuru wa kutoa maoni, lakini mtu mzima mwenye akili zake anaweza kukubali kunyamaza kwa malipo, kama vile mpishi anavyoweza kukubali asitoe siri ya mapishi ya hoteli. Suluhu nyingi zimesimama juu ya hilo.

Mpaka wenyewe wa ahadi kama hii uko kwengine. Uko kwenye sheria ya mikataba, ambayo kwetu Zanzibar, kama Bara, chimbuko lake ni sheria ya mikataba ya India ya 1872 tuliyoletewa na Waingereza, na humo kuna kanuni kuwa makubaliano ambayo lengo lake ni haramu, au ambayo yakiachwa yatavunja sheria nyengine, au yanapingana na maslahi ya umma, hayana nguvu. Chukua hiyo kanuni uiweke juu ya jambo la ZSSF. Michango ya hifadhi ya jamii si mali ya mpishi peke yake na wala si mali ya hoteli, ni wajibu wa kisheria, na mfuko una haki ya kuuliza. Mkataba wa watu wawili hauwezi kumziba mdomo shahidi mbele ya chombo cha serikali kinachofanya kazi yake. Ni hivyo hivyo kwa polisi, kwa ZAECA wanaopambana na rushwa, kwa mkaguzi wa kazi, kwa mahkama ukiitwa kutoa ushahidi. Na likiwa ni jinai, tuseme mtu kashikwashikwa na bosi stoo, huwezi kumlipa ili asiripoti halafu ukaenda mahkamani na hiyo karatasi kumdai, hapo umejipeleka mwenyewe.

Hoteli ilijibu kwamba kipengele kimesema "mtu yeyote", na afisa wa ZSSF ni mtu. Nilicheka kidogo. Ndo maana neno pana kupita kiasi linamponza aliyeliandika, kwa sababu likisomwa kama lilivyo limegusa na vitu ambavyo sheria hairuhusu kuguswa. Lakini hapa pia tusijidanganye, watu wakisikia sehemu moja haina nguvu wanadhani kipengele kizima kimekufa. Mahkama inaweza kukisoma kwa ufinyu, ikatoa sehemu ya serikali nje na kuacha iliyobaki isimame, na grupu la WhatsApp si chombo cha serikali. Kwa hiyo ZSSF tukaitoa mezani moja kwa moja, hatukuijadili tena, na ikabaki voisi.

Voisi sasa. Tumekubali imevunja. Swali la pili ambalo watu wanaliruka ni hili: kuvunja kunagharimu kiasi gani? Milioni ishirini imetoka wapi? Mwanamke kapata milioni tisa na laki sita, akitamka neno anarudisha mara mbili. Sheria ile ile ya mikataba tuliyorithi inasema pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa mtu akivunja, mwenye kulalamika anapata fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kile kilichotajwa. Yani ile ishirini ni dari ya nyumba, hailipwi kama ilivyo. Chini ya hiyo dari jaji anaangalia kimeharibika nini. Na usiende upande wa pili ukasema basi hoteli mpaka ilete risiti ya hasara ndo ipate kitu, mana sheria hiyo hailazimishi hasara kuthibitishwa mpaka shilingi ya mwisho, jaji anaweza kupima mwenyewe akatoa kiasi fulani. Kwa hiyo hatari ya mpishi ilikuwepo, ila haikuwa milioni ishirini.

Tukakaa tukapima kama jaji angepima. Grupu lina watu themanini na kitu, wote wapishi na wahudumu, hakuna mgeni hata mmoja, hakuna wakala wa safari. Hoteli haikuonesha bukingi iliyofutwa. Kazi ya mwokaji waliyotangaza ilijazwa wiki ile ile, tena na mtu aliyekuwemo kwenye grupu! Hasara gani hiyo. Pengine gharama ya meneja kukasirika.

Jambo gumu kuliko yote, na ambalo lilinikosesha usingizi, ni lile fungu la tatu. Hoja yao nzuri ilikuwa hii, na nakiri ni nzuri: mpishi ameshapokea milioni sita na laki nane, na stahiki zake halisi, notisi na likizo na sevisi chaji, ni 5,900,000 tu, kwa hiyo kilichobaki hakiwezi kuitwa mshahara wake, hicho ndo bei ya ukimya, na ukimya haukupatikana. Ukisikia haraka haraka unaona wameshinda.

Lakini rudi kwenye karatasi. Hakuna mahali mkataba umegawa pesa, kwamba hizi za stahiki na hizi za kunyamaza. Imeandikwa "jumla ya shilingi 9,600,000 kwa kumaliza madai yote", na madai aliyamaliza, aliyaondoa Kamisheni siku ile ile. Na kipengele cha malipo kina tarehe tu, hakina "iwapo". Hakuna sentensi inayosema fungu litalipwa akiwa amenyamaza. Wao wenyewe waliweka adhabu moja ya kuvunja, ile milioni ishirini, kwa hiyo njia waliyojichagulia ni kudai, na hakuna mahali walipojipa ruhusa ya kuzuia. Ukitaka pesa ifungwe na ukimya lazima uandike, na ukiandika utaona mwenye kulipwa anashtuka hapo hapo mezani na bei inapanda, ndo mana wengi hawaandiki. Kama kungekuwa na hiyo sentensi moja ningemwambia dada apunguze sauti.

Haya, na posti ya Instagram. Mpishi alikuwa na uhakika hapa ndo amewashika. "Wao wenyewe wamenisema!" Nikamwambia soma kipengele cha 7 tena, "Mfanyakazi hatosema". Kiko upande mmoja. Hoteli haikuahidi kutomsema. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Yani mimi nimefungwa wao hawajafungwa?" Ndo hivyo.

Tukaingia kipengele cha 8, tamko la pamoja. "Wahusika watatumia maneno haya." Tatizo ni kwamba hakuna neno "tu". Watatumia maneno haya, sawa, lakini wamekatazwa kuongeza? Wakili wao alisema hapana, walitumia yale na wakaongeza mengine, ingawa kusema kweli kwenye posti ile hata yale hawakuyatumia. Mimi nilishika njia nyengine: tamko linasema "wameachana kwa makubaliano", posti inasema "aliondoka mwenyewe" na "madai hayakuwa na msingi". Havikai pamoja hivyo. Huwezi kutimiza ahadi ya kusema A kwa kusema kinyume cha A. Neno "tu" lingetuokolea wiki mbili za barua, lakini hata bila yake posti ilikuwa imevunja. Na juu ya mkataba, kumwambia mtu hadharani kuwa madai yake hayana msingi baada ya kumlipa milioni sita na laki nane kwa madai hayo hayo, hapo unagusa kashfa, na kwenye kashfa ukweli ndo unaulizwa. Yani hoteli ilikuwa imejitoa kwenye uwanja ambao ukweli haumsaidii mpishi ikaingia ule ambao unamsaidia. Wakili wao hili alilielewa haraka kuliko bosi wake.

Kuna kitu nilikiona pembeni nilipokuwa nasubiri mapokezi, nakitaja mana ni cha familia hiyo hiyo. Fomu ya bukingi ya hoteli ina mstari chini kabisa, mgeni akiandika maoni mabaya mtandaoni atatozwa dola 300. Marekani duka moja la mtandaoni, KlearGear, lilimdai mteja dola 3,500 mwaka 2012 kwa sababu mkewe aliandika malalamiko, na 2014 mahkama ya Utah ikalihukumu duka lenyewe lilipe dola 306,750. Baadae 2016 wakatunga sheria kabisa ya kuvifuta vipengele kama hivyo kwenye mikataba iliyoandikwa tayari ambayo mteja hana nafasi ya kujadili. Sheria hiyo haifiki kwetu, lakini mgeni wa kule akikatwa dola 300 kwenye kadi yake atapigania kwa benki yake, na skrinshoti ya hiyo fomu itaichafua hoteli kuliko maoni yenyewe. Nilimwambia meneja. Akasema ataangalia.

Turudi. Tulikaa meza moja na msuluhishi, saa tatu, chai mbili. Bosi alitaka mpishi atoe voisi mpya ya kusema yale ya mwanzo ni uongo. Hapo nilikataa, na nawaambia kila mtu akatae, mana kulipwa unyamaze ni jambo moja, kulipwa useme uongo ni jengine, na kesho ukiitwa na ZSSF utakuwa na sauti zako mbili zinazopingana, na hoteli nayo itakuwa imejitengenezea ushahidi wa kumharibu shahidi. Wakili wao akamnong'oneza bosi, likafutwa.

Kilichoandikwa upya kilikuwa kifupi. Pande zote mbili zimefungwa sasa, na kwa upande wa hoteli tukawataja kwa vyeo, mmiliki, meneja mkuu, mkuu wa wafanyakazi na anayeendesha kurasa za mtandao, mana hoteli haina mdomo, na wakitaja "Hoteli" peke yake kesho meneja atasema ile ilikuwa akaunti yangu binafsi. Muda ni miezi 18, sio milele. Kilichokatazwa ni matamshi ya hadharani au kwenye makundi kuhusu ajira hii na kuachana kwake, sio "jambo lolote". Halafu sentensi inayosema hakuna kitu humu kinachozuia kutoa taarifa au ushahidi kwa chombo chochote cha serikali au mahkama, kuzungumza na wakili, mume au mke, wala kumjibu mwajiri mpya akiuliza ulifanya kazi gani na muda gani. Milioni ishirini ikatoka, ikaingia fidia ya hasara itakayothibitishwa, na kabla ya kudai chochote unamwandikia mwenzako ana saa 72 za kufuta. Hiyo ya saa 72 aliileta wakili wao, na ndo ninayoipenda kuliko zote, mana ugomvi mwingi wa namna hii unaisha kwa kufuta. Na tamko likabaki lile lile, pamoja na neno "tu".

Bosi alijaribu kuingiza sentensi kwamba malipo yamefungwa na ukimya. Dada mwenyewe ndo aliyemwambia, mimi sikufungua mdomo, "Sawa, basi hiyo 2,800,000 iwe milioni tano." Sentensi ikatolewa.

Yeye alituma kwenye grupu ujumbe wa mstari mmoja kuwa mambo yake na hoteli yamekwisha na anaomba voisi isifowadiwe, hakusema ilikuwa uongo. Hoteli ikafuta posti. 2,800,000 iliingia siku ya tano, saa nne usiku. Bosi aliuliza mlangoni, wakati tunavaa viatu, kama na lile la ZSSF nalo limekwisha. Wakili wake ndo aliyemjibu kuwa lile haliwezi kuwemo kwenye karatasi ile hata wakitaka, mana michango si ya mpishi kuisamehe, na linaendelea mpaka leo kwa njia yake.